Mteja kakatwa hela, lipa namba yako haijaona kitu: jinsi ya kufungua madai yakafuatiliwa kweli

Hii ni kwa wale mnaouza hapa Dodoma halafu mnapokea kwa lipa namba, iwe uko Majengo, Sabasaba, Kibaigwa kwenye mahindi au una duka lako tu huko Nkuhungu. Ishu yenyewe ni ile ambayo mteja analipa kwa mtandao wake, lipa namba yako ni ya mtandao mwingine, kwake hela imekatwa na meseji anayo, kwako kimya. Siongelei mtu aliyekosea namba akamtumia mtu mwingine, hiyo ni kesi tofauti na inashughulikiwa tofauti, maana hapo hela ilifika kabisa ila ilifika kwa mtu siye. Ukipiga huduma kwa wateja ukachanganya hizi mbili utapelekwa njia ambayo siyo na siku zitaenda bure.

Kwanza tuelewane hela inavyopita, maana bila hapo hutajua hata umuulize nani. Mteja akibonyeza kuthibitisha, mtandao wake unakata kwanza salio lake, halafu unatuma maelekezo kwenda upande wako, siku hizi malipo ya mtandao kwenda mtandao yanapita kwenye TIPS, ule mfumo wa malipo ya papo hapo unaoendeshwa na Benki Kuu. Upande wako ukishaingiza hela unarudisha jibu kwamba tumepokea. Sasa ikitokea jibu limechelewa au halikurudi kabisa, mtandao wa mteja unabaki haujui, inawezekana hela iliingia ila jibu likapotea njiani, inawezekana haikuingia kabisa. Kwa hiyo hawawezi kumrudishia mteja hapo hapo, maana kama kwako iliingia basi italipwa mara mbili. Muamala unabaki unaelea mpaka pande mbili zilinganishe orodha zao. Hapo ndo watu wengi wanapokosana, muuzaji anasema mteja tapeli, mteja anasema muuzaji mwizi, na wote wawili wanasema kweli.

Tutembee na mfano mmoja. Kuna mama anauza mafuta ya alizeti kwa jumla pale Majengo. Kijana mwenye duka Mpwapwa kaagiza madumu sita ya lita ishirini, dumu moja 90,000, jumla 540,000. Mzigo ushapangwa pembeni, gari la kwenda Mpwapwa linasubiri. Kijana kalipa, kapiga simu: "Shikamoo mama, hela nimeshatuma, niangalizie." Mama anaangalia simu, hakuna kitu. "Marahaba mwanangu, mbona kwangu haijaingia?" "Mama mimi nimekatwa, meseji hii hapa nakutumia Wasap."

Hatua ya kwanza, hakikisha kweli haijaingia. Usiangalie meseji, angalia salio na orodha ya miamala ya lipa namba yenyewe. Meseji inaweza isije wakati hela ipo, tena kuna sababu za kijinga kabisa, mfano lipa namba ilisajiliwa kwa laini ya kijana aliyekuwa anauza dukani mwaka jana, meseji zinaenda kwenye simu yake yeye, au laini iko kwenye simu iliyozimwa. Ingia kwenye menyu ya biashara au apu ya mtandao wako, fungua miamala ya leo, tafuta kwa kiasi, 540,000, na kwa muda. Usitafute kwa jina tu, maana wateja wengi wanalipa kwa laini ya mke au ya kaka na jina litakalotokea hulijui. Kama kuna wahudumu wawili watatu wanaopokea kwa namba hiyo hiyo, waulize pia kama hakuna aliyeiona akadhani ni ya mteja wake.

Upande wa pili mwambie mteja naye asikutumie skrinshoti ya meseji peke yake. Meseji ya kutengeneza ni rahisi sana, mtu anaandika tu mwenyewe anaifowadi, na Dodoma hapa wafanyabiashara wanaachia mizigo kwa meseji za namna hiyo kila siku. Mwambie afungue menyu yake ya pesa aangalie salio na miamala ya mwisho, akuonyeshe kutoka huko. Kama kwenye orodha yake muamala haupo, basi hakuna kesi, hela haijatoka. Kama upo na umeandikwa umeshindikana na salio limerudi, napo hakuna kesi, alipe upya. Kesi ipo pale ambapo salio limepungua, muamala upo, halafu kwako haupo.

Na hapa niseme kitu ambacho kina hasara kuliko vyote: msikimbilie kulipa tena. Najua gari linasubiri, najua mteja ana haraka, ila ule muamala wa kwanza bado unaelea na unaweza ukaingia baada ya saa moja au kesho yake. Akilipa mara ya pili halafu ya kwanza nayo ikaingia, sasa una 540,000 ya mtu, na mtu yuko Mpwapwa anakupigia kila baada ya dakika kumi. Kama lazima mzigo uondoke leo, bora mkubaliane alipe sehemu kwa njia nyingine kabisa, benki au keshi kwa wakala aliye jirani na wewe, na muandikiane hata Wasap kwamba hii ni badala ya ile ya kwanza mpaka ile ijulikane iko wapi.

Hatua ya pili, kusanya maelezo kabla hujapiga simu kokote. Yako machache tu lakini yakikosewa moja watakwambia muamala hauonekani. Namba ya muamala ndo roho ya kesi. Kuna mitandao inatoa herufi na tarakimu zilizochanganyika, Airtel Money inakuwa ndefu yenye nukta katikati na ukiiangalia vizuri unaona tarehe na saa humo humo, wengine ni tarakimu tupu. Usiisome kwa mdomo kama unaweza kuikopi, maana sifuri na herufi O zinafanana, moja na herufi I zinafanana, na mtu wa kasta kea anaandika anachosikia. Kama ni lazima uitaje kwenye simu, taja kidogo kidogo na useme "hii ni sifuri ya namba" au "hii ni O ya Omari". Halafu mwombe akusomee alichoandika.

Meseji moja inaweza kuwa na namba zaidi ya moja. Kuna namba ya muamala, kuna lipa namba uliyolipia, na ukilipa kwa apu ya benki unaweza ukakuta namba ya benki halafu na nyingine ya mfumo uliopitisha. Usichague, toa zote na useme ipi ilikuwa imeandikwaje. Mtu wa upande wa pili anaweza kuwa anaona moja tu kati ya hizo. Na kama ulichokuwa unalipia ni leseni au ushuru kwa ile namba ya malipo ya serikali, yenye tarakimu 12 inayoanza na 99, hiyo siyo namba ya muamala, hiyo ni namba ya bili. Wengi wanaitaja hiyo tu halafu wanashangaa hawasaidiwi. Taja zote mbili.

Muda nao. Hii ya saa za Kiswahili imeshapoteza kesi nyingi. Kijana wa Mpwapwa anakwambia amelipa saa nane na dakika kumi na mbili, meseji yake imeandika 2:12 PM, mwingine akisikia nane anaandika 8:12, sasa mtu anatafuta muamala wa asubuhi ambao haupo. Andika kama meseji ilivyoandika, au andika 14:12, basi. Tarehe andika na jina la mwezi, usiandike 3/4 mtu akabaki anajiuliza ni Machi au Aprili.

Kiasi andika kamili bila makato, na makato yataje pembeni. Mteja akikwambia "nimekatwa 540,000 na kitu" haisaidii, mwenye mfumo anatafuta 540,000 kamili. Ongeza namba iliyolipa, jina lililosajiliwa kwenye hiyo namba, lipa namba iliyotakiwa kupokea, na jina la biashara lilivyotokea kwenye simu ya mteja kabla hajathibitisha. Hilo la mwisho lina maana kubwa, kwa sababu kama jina lililotokea siyo lako basi aliingiza namba vibaya na tumerudi kwenye kesi ile nyingine.

Hatua ya tatu, nani apige. Jibu ni yule aliyekatwa hela, kwa mtandao uliokata. Wauzaji wengi wanapiga wao kwa sababu ndo wenye uchungu, halafu mtandao wa mteja unawakatalia kwa kuwa akaunti siyo yao na hawaruhusiwi kuwapa habari za mteja. Hawajakosea. Kwa hiyo mama wa Majengo hawezi kufungua madai ya kijana wa Mpwapwa, anachoweza ni kupiga mtandao wake yeye na kuuliza swali moja: je, kuna muamala wa 540,000 uliokuja kwenye lipa namba yangu leo kati ya saa 14:00 na 14:30, ulioingia, uliokataliwa au uliosimama? Jibu la hapo linamsaidia kijana anapopiga kwake.

Namba ya huduma kwa wateja ni 100 kwa mitandao yote, ila angalia, ukipiga 100 inakupeleka kwenye mtandao wa laini unayopigia. Kijana mwenye simu ya laini mbili akipiga kwa laini isiyo sahihi atakaa foleni yote halafu anaambiwa hayuko kwao. Apige kwa laini ile ile iliyolipa. Watamuuliza jina kamili, namba ya kitambulisho, labda na miamala aliyofanya karibuni. Namba ya siri hawaulizi. Kama alilipa kwa benki aende kwenye benki yake, mtandao wako wewe hauna cha kumfanyia.

Hatua ya nne, andika. Simu ni ya kuanzia tu, mtu aliyepokea akimaliza zamu maelezo yako yanabaki mafupi kuliko ulivyosema. Baada ya simu tuma na maandishi, iwe kwa barua pepe ya huduma kwa wateja, kwenye ukurasa wao rasmi kwa meseji ya ndani, au peleka kwenye duka lao mjini. Usiandike hadithi. Kijana wetu angeandika hivi:

"Habari. Naomba mchunguze malipo ambayo yamekatwa kwangu lakini hayajafika kwa mpokeaji. Kumbukumbu namba: CL47QX8T0RN (kabla ya R ni sifuri). Tarehe 3 Aprili, saa 14:12. Kiasi 540,000, makato yapo kwenye meseji niliyoambatanisha. Nimelipa kutoka namba yangu (namba kamili, jina kamili) kwenda lipa namba (namba kamili, jina la biashara) ya mtandao mwingine. Salio langu limepungua. Mpokeaji ameangalia orodha yake ya miamala hadi saa 17:00, hakuna, na mtandao wake umemwambia hawaoni muamala huo. Naomba mnijulishe hali ya muamala kwenye mfumo wenu, na kama mnasema umefika, naomba kumbukumbu namba ya upande wa mpokeaji na saa ulioingia. Sijafanya malipo mengine badala ya haya."

Angalia ule mwisho. "Mnasaidiaje?" na "nataka hela yangu" hazimlazimishi mtu kwenda kuangalia kitu chochote, ila ukiuliza hali ya muamala na kumbukumbu ya upande wa pili, anayejibu lazima afungue mfumo. Na ile ya kusema hujalipa tena inawapunguzia wasiwasi wa kulipa mara mbili. Kama ulilipa tena sema ukweli, toa na namba ya muamala wa pili, kwa sababu wataiona tu.

Ambatanisha orodha ya miamala ya pande zote mbili. Usikwangue namba ukidhani unajilinda, wakikuta namba imefutwa wanarudisha. Ila usiweke hivyo vitu kwenye maoni ya wazi chini ya posti za mtandao, matapeli wanashinda humo humo wakisubiri mtu mwenye shida kama yako.

Hatua ya tano, chukua namba ya madai. Kabla hujakata simu omba namba ya tiketi, jina la aliyekuhudumia, na muda wanaosema watajibu. Andika kwenye daftari la duka pale pale kwenye mauzo ya siku hiyo. Bila namba ya tiketi, kila ukipiga unaanza upya, na mbaya zaidi wanaweza kukufungulia madai matatu kwa muamala mmoja na yote yakachelewa. Ukifuatilia, toa namba ya tiketi kwanza, maelezo baadaye.

Majibu yanayokuja ni ya aina tatu hivi. La kwanza, "muamala umerejeshwa". Usifurahi kabla hujaona salio, na omba namba ya muamala wa marejesho, maana marejesho ni muamala mpya wenye namba yake. La pili, "bado unashughulikiwa", hapo uliza wanasubiri nini, upande wa mpokeaji ujibu au ulinganishaji wa siku, halafu kumbushia muda waliosema ukifika. La tatu ndo gumu: "kwetu umekamilika, mpokeaji amepata." Wengi wanakata tamaa hapa au wanaanza kugombana na muuzaji. Hapa ndo ile kumbukumbu ya upande wa pili inafanya kazi. Kijana anaichukua anampa mama, mama anaipeleka mtandao wake na kusema, wenzenu wanasema mlipokea muamala huu saa hii, mliuweka wapi? Sasa haulizi kwa kiasi na jina, anauliza kwa namba yao wenyewe. Unaweza kukuta uliingia kwenye akaunti ya kusubiri kwa sababu lipa namba ilikuwa imesimamishwa, mfano taarifa za usajili hazijakamilika au kiwango cha salio kimejaa. Hapo tatizo limeshahamia upande wa mama na madai mapya anafungua yeye, kwa laini yake.

Kwenye mfano wetu jibu lilikuwa la kwanza. Upande wa mpokeaji haukuwa na kitu, ulinganishaji ukafanyika, 540,000 ikarudi kwa kijana, akalipa upya, madumu sita yakapanda gari lililofuata. Makato nayo aangalie kama yamerudi, kama hayajarudi aandike kwenye tiketi ile ile isiyofungwa bado.

Wakikuzungusha, hatua inayofuata ni Benki Kuu, siyo TCRA, kwa sababu hili ni suala la hela na mitandao ya pesa iko chini ya Benki Kuu kwa huduma hiyo. Wana ofisi hapa Dodoma, na kuna mfumo wao wa malalamiko wa Sema na BoT. Lakini hawaanzi na wewe, watataka kuona ulishalalamika kwa mtoa huduma na jibu lake au ukimya wake. Ndo maana ile namba ya tiketi na yale maandishi. Peleka vile vile ulivyonavyo, usiandike upya kwa hasira.

Kipindi madai yako wazi, simu zitakuja. Mtu anapiga kwa namba ya kawaida, "naongea na wewe kuhusu ile hela yako iliyokwama", anajua na kiasi, anataka namba ya siri au msimbo uliotumiwa kwenye meseji, au anasema urudishe kwanza kiasi fulani ili mfumo ufunguke. Kata. Piga 100 mwenyewe, toa tiketi, uliza kama kuna aliyekupigia. Namba ya huyo tapeli itume 15040.

Na ikitokea hela zimeingia zote mbili, ya kwanza na ya pili, muuzaji usirudishe kwenye namba unayotajiwa kwenye simu hata kama sauti unaijua. Fungua orodha, hakikisha mbili zinaonekana na salio limepanda kweli, halafu rudisha kwenye ile ile namba iliyolipa, na umtumie mteja namba ya muamala wa kurudisha ili aende kufunga tiketi yake. Asipofunga, mtandao wake unaweza kuja baadaye kukuzuilia 540,000 nyingine wakidhani bado unadaiwa.